UZI: Mama anakuja Ujerumani kupitia Amsterdam, abebe karatasi zipi mkononi?

Binti Kibosho
Wakuu, salaam. Naishi Hamburg, mwaka wa nane huu, na mama yangu anakuja kunitembelea kwa mara ya kwanza. Ana miaka 66, mkulima wa kahawa na migomba, ndege anaziona zikipita juu tu. Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu.

Viza ameshapata ubalozini Dar, imebandikwa kwenye pasipoti. Ataondoka Dar usiku wa tarehe 2 Juni, anatua Amsterdam tarehe 3 asubuhi, halafu anaunganisha Hamburg. Tiketi ya kurudi ni tarehe 2 Agosti.

Basi juzi nipo nafurahia viza, jirani yangu Mghana akanikata maini. Ananiambia shangazi yake alikuwa na viza safi kabisa na bado alikalishwa benchi saa nne, wakidai barua ya mwaliko na pesa. Hivi si hivyo vyote tulishapeleka ubalozini? Wanataka tena? Na hoteli je, wakati mama analala kwangu? Pesa taslimu abebe kiasi gani? Naombeni wenye uzoefu.

Mzee wa Bandari
Binti, hapo umeshakosea hatua ya kwanza. Viza ya Ujerumani lazima aingilie Ujerumani. Akitua Amsterdam, Waholanzi watamwambia hii siyo viza yetu na atageuzwa na ndege ileile. Mtafutie ndege ya Frankfurt. Na hoteli lazima, bila hoteli hakuna anayepita. Nimesafiri na meli miaka mingi, mambo haya nayajua.

Kaunta Namba Saba
Mzee wangu shikamoo, ila kwa hili naomba nikupinge. Nimekaa kaunta ya kukagua abiria pale Julius Nyerere miaka 11, sasa nimeacha. Viza ya Schengen, yaani ile moja inayotumika nchi nyingi za Ulaya, inaombwa nchi ambayo ndiyo safari yenyewe, siyo nchi utakayokanyaga kwanza. Mama anakwenda Hamburg, Ujerumani wamempa, Amsterdam anapita tu. Hakuna tatizo. Walio taabuni ni wale walioomba viza ya nchi A kwa kuwa inatoka haraka, halafu tiketi yao inaishia nchi B.

Ila mzee una nusu ya ukweli. Ukaguzi wa kuingia Ulaya unafanyika Amsterdam, si Hamburg. Akitoka hapo mpaka Hamburg ni kama Moshi na Arusha, hakuna wa kumuuliza pasipoti. Kwa hiyo anayetakiwa kuridhika ni askari wa mpakani wa Uholanzi, ambaye hajawahi kuliona faili la ubalozi wa Ujerumani Dar.

Ndiyo maana jirani yako Mghana yuko sahihi. Viza ni ruhusa ya kufika mlangoni. Kwa sheria yao ya mipaka, ukifika mlangoni unaweza kuombwa upya ueleze unakwenda kwa nani, utakaa siku ngapi, utaishi kwa pesa gani na utarudi vipi. Wengi hawaulizwi. Anayeulizwa asipokuwa na jibu ndipo benchi linapoanza.

Binti Kibosho
Kaka asante sana. Kwa hiyo Dar kaunta hawatamsumbua?

Kaunta Namba Saba
Watamuuliza, lakini kwa sababu yao. Mtu wa kaunta ana mfumo unaitwa Timatic. Anaingiza uraia, pasipoti, anakokwenda na anakopitia, kioo kinamwambia abiria huyu anatakiwa kuwa na nini. Shirika likimpandisha mtu asiye na hati sahihi, Ulaya wanaweza kulitoza faini ya maelfu ya euro kwa kichwa, na linamrudisha kwa gharama yake. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini dada wa kaunta anapekua pasipoti kama anahesabu noti.

Anachoangalia zaidi ni viza ipo hai siku ya kufika na tiketi ya kurudi ipo. Barua ya mwaliko huiomba akiona abiria anababaika, au tiketi ni ya kwenda tu. Baada yake kuna Uhamiaji wetu, nao wanaweza kuuliza unakwenda kwa nani. Karatasi ni zilezile.

Sasa niambie: ulimtumia mama barua ya kawaida uliyoandika mwenyewe, au ile ya ofisi ya wageni?

Binti Kibosho
Ya ofisi. Ile dhamana yenye jina refu kuliko treni, Verpflichtungserklärung, ninayoahidi kumgharamia mama. Nilikwenda na hati za mshahara na mkataba wa nyumba, nikalipa euro 29, wakanipa karatasi yenye muhuri. Nikamtumia mama kwa mtu aliyekuwa anakwenda Moshi.

Kaunta Namba Saba
Hiyo ndiyo dhahabu. Na iko wapi sasa hivi?

Binti Kibosho
Mama anasema ubalozi walimrudishia pamoja na pasipoti, ameiweka sandukuni na cheti cha ubatizo 😂

Dada wa Antwerp
ITOE HARAKA SANDUKUNI! Dada, nakuandikia huku nacheka lakini wakati ule nililia.

Mama yangu alikuja kwangu kupitia nchi nyingine, sitaitaja. Mimi najua kila kitu nimempa: dhamana iliyogongwa muhuri na halmashauri yangu, bima, kopi ya kitambulisho changu, vyote kwenye bahasha ya kaki. Mama kwa usalama wake akaifunga bahasha ndani ya kitenge, kitenge ndani ya begi kubwa, begi likaandikiwa moja kwa moja mpaka Brussels. Askari anamwuliza barua iko wapi, mama anaonyesha ishara ya chini, yaani tumboni mwa ndege. Askari akadhani anamwambia hana.

Wakanipigia simu. Na mimi nilikuwa zamu ya usiku, nimelala, simu nimeizima sauti. Walipiga mara tatu. Nimeamka nakuta namba nisiyoijua, roho ikaruka. Nilipopiga wakaniuliza majina ya mama, tarehe yake ya kuzaliwa, anakaa siku ngapi, mimi nafanya kazi gani. Dakika tano yakaisha. Lakini ndege ya kuunganisha ilishaondoka, akaja na ya jioni. Sikuwalaumu, mtu bila karatasi na bila lugha wangefanyaje?

Tangu siku hiyo sheria ya familia yetu: bahasha inavaliwa shingoni, na mwenyeji halali mpaka mgeni apite.

Mjanja Kariakoo
Mnajichosha. Mimi nilibuki hoteli ya bure mtandaoni, ile ya kulipia ukifika, nikaprinti, viza ikatoka, nikafuta. Mfanyie mama hivyo hivyo, hoteli Hamburg siku zote 60. Askari akiona hoteli anagonga muhuri.

Kaunta Namba Saba
Mkuu usimponze bibi wa watu. Fikiria mwenyewe. Karatasi moja inasema nalala kwa binti yangu, binti ameweka sahihi kugharamia kila kitu. Karatasi ya pili inasema nalala hoteli siku 60. Askari akiziona zote mbili, mtu mzima aliyekuwa na kesi nyeupe anakuwa na maelezo mawili yanayopingana. Na buking iliyofutwa inajulikana kwa simu moja. Viza iliyopatikana kwa karatasi za uongo inaweza kufutwa palepale mpakani.

Tena hoteli humpandishia mtu kiwango cha pesa. Dada wa Antwerp atanithibitishia: Ubelgiji anayefikia kwa ndugu hutazamiwa awe na euro 45 kwa siku, anayelala hotelini 95.

Hoteli ina pahali pake. Kama Binti Kibosho anampeleka mama Paris siku mbili, awe na buking ya kweli ya siku hizo mbili, na mama ajue kuisema.

Dada wa Antwerp
Ndivyo. 45 na 95.

Mvita Mjini
Jamani nami niseme yangu. Mimi ni wa Mombasa, nilikwenda kwa dada yangu Leicester. Uingereza wao hawana hiyo dhamana ya muhuri kwa mgeni wa kutembea. Dada aliandika barua tu, akaambatanisha hati yake ya ukaazi na hati za mshahara. Mara ya kwanza wakaninyima viza. Sababu? Akaunti yangu huwa na shilingi elfu ishirini, thelathini, halafu wiki mbili kabla ya kuomba ikaingia laki nne kwa mpigo. Shemeji alinitumia ili nionekane nina pesa. Wakaniandikia kwamba hawajaridhika pesa zile ni zangu.

Mara ya pili sikuongeza hata senti. Nilitoa stetimenti ya miezi sita kama ilivyo, na dada akaeleza katika barua kwamba tiketi na chakula ni juu yake. Nikapata. Kwa hiyo pesa si wingi, ni kujulikana zimetoka wapi.

Mpemba Halisi
Na mimi nnataka kwenda kwa binamu yangu Maskati, hiyo karatasi ya euro 29 ntaipata Unguja au mpaka Dar?

Kaunta Namba Saba
Ndugu yangu wa Pemba, hiyo ni ya Ujerumani tu. Mwulize binamu yako, maana kule mara nyingi mwenyeji ndiye anayekuombea viza ya kutembelea jamaa akiwa hukohuko. Fungua uzi wako tukusaidie, huu tusiuchanganye.

Mpemba Halisi
Hewala. Nlidhani ni Ulaya na Arabuni pamoja.

Binti Kibosho
Turudi kwenye pesa. Mama abebe ngapi? Benki yake ina laki tisa za Kitanzania, za kahawa.

Kaunta Namba Saba
Hesabu iko hivi. Uholanzi kipimo chao ni euro 55 kwa mtu kwa siku. Angekuwa anakuja kwa mfuko wake, siku 60 ni euro 3,300, na laki tisa zake hazifiki popote. Lakini sheria inasema pesa inaweza kuthibitishwa kwa taslimu, kwa kadi, au kwa dhamana ya mwenyeji. Wewe umeshasaini ile karatasi, na ofisi ilishaukagua mshahara wako kabla ya kugonga muhuri. Hiyo karatasi ndiyo pesa yake. Ndiyo maana nimesema dhahabu, na ndiyo maana ikiwa ndani ya begi kubwa mama anahesabika hana kitu.

Juu yake mpe euro 200 au 300 taslimu. Hizo si za kumridhisha askari, ni za siku ambayo ndege imeahirishwa naye anataka chai. Stetimenti ya laki tisa abebe, haina ubaya, inaonyesha ana shughuli nyumbani.

Ila ujue ulichosaini. Akiugua bima ikakataa, akipewa msaada wowote wa serikali, hata gharama ya kumrudisha kwao akigoma kuondoka, bili inakuja kwako. Na dhamana ile inakufuata miaka 5. Wapo wanaowasainia marafiki wa marafiki kwa soda mbili!

Mzee wa Bandari
Haya nimekubali la Amsterdam. Lakini nina swali, na hili msinicheke. Binti, jina lako la ukoo ni sawa na la mama?

Binti Kibosho
Hapana mzee. Nimeolewa huku, natumia jina la mume wangu, la Kijerumani. Na mama kwenye pasipoti ana jina la babake mzazi, hana la marehemu baba.

Mzee wa Bandari
Enhe! Sasa askari atajuaje kwamba huyu ni mama yako? Karatasi ina jina la Mjerumani, pasipoti ina jina la Mchaga.

Kaunta Namba Saba
Mzee hapo umepiga penyewe. Hili nimeliona kaunta mara nyingi. Dawa yake ni cheti chako cha kuzaliwa cha RITA chenye jina la mama, pamoja na cheti cha ndoa kinachoonyesha jina lako la zamani na la sasa. Kopi mbili hizo zinafunga mnyororo. Weka na kopi ya kibali chako cha ukaazi, mbele na nyuma.

Halafu Binti, nitajie viza inavyosomeka. Tarehe za kuanzia na kuishia, na idadi ya siku.

Binti Kibosho
Kuanzia 03-06 mpaka 16-08. Chini yake imeandikwa siku 60. Nafikiri basi anaweza kukaa mpaka 16 Agosti ila tumeamua arudi tarehe 2.

Kaunta Namba Saba
Nilihofia hivyo. Hizo tarehe mbili ni dirisha tu, wameongeza siku 15 za ziada ili safari ikisogea mbele viza isife. Anachoruhusiwa kukaa ni siku 60 ndani ya dirisha hilo, na siku ya kuingia inahesabiwa, ya kutoka nayo inahesabiwa.

Hesabu nami kwa vidole. Anaingia tarehe 3 Juni. Tarehe 3 mpaka 30 Juni ni siku 28. Julai nzima 31, jumla 59. Tarehe 1 Agosti ni ya 60. Tiketi yako ni tarehe 2 Agosti. Siku ya 61.

Dada wa Antwerp
Mungu wangu.

Binti Kibosho
Nimehesabu mara tatu. Ni kweli. Tiketi niliikata baada ya viza, nikaweka miezi miwili kamili kwa kichwa 😩 Siku moja kweli wanaona?

Kaunta Namba Saba
Zamani ilitegemea askari ahesabu mihuri. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 wameanza mfumo wa kuandikisha kuingia na kutoka kwa kompyuta, na kompyuta haichoki kuhesabu. Tena anaweza kuulizwa wakati wa kuingia: una siku 60, mbona tiketi ya kurudi ni ya siku ya 61? Badilisha leo. Na kumbuka anahesabika ametoka pale Amsterdam anapopita kwa askari wa mpakani, siyo anapoondoka Hamburg. Usimwekee ndege ya usiku inayomvusha saa sita akiwa bado anasubiri Amsterdam.

Bima nayo iangalie. Ya viza hii inatakiwa iwe ya euro 30,000 kwa uchache na ifunike siku zote.

Binti Kibosho
Nimebadilisha, anarudi 30 Julai, nimelipa tofauti ya euro 85. Bima iko sawa. Kaka nakudai kahawa ya Kibosho, yaani mimi ndiye ninayekudaiwa, hata lugha imenikimbia.

Mvita Mjini
Swali. Akiulizwa anakwenda kufanya nini, atasema nini? Maana mamangu mimi angesema "naenda kumlelea mtoto wa binti yangu".

Binti Kibosho
Ndivyo anavyosema kwa kila mtu mtaani 🙈 Nina mtoto wa miezi saba.

Kaunta Namba Saba
Aseme anakwenda kumwona binti yake na mjukuu wake. Ndiyo kweli.

Dada wa Antwerp
Mimi hapa sikubaliani sana. Bibi kumbeba mjukuu ni kazi gani? Kila bibi duniani anafanya.

Kaunta Namba Saba
Sisi tunajua. Lakini neno kulea likitafsiriwa vibaya linasikika kama yaya, na mwenye viza ya kutembea haruhusiwi kazi. Kama binti amesharudi kazini na mtoto hana kituo cha kulelewa, askari mwingine atauliza nani anakaa naye mchana. Simwambii mama adanganye. Namwambia aanze na lililo kubwa.

Mvita Mjini
Uingereza wanaruhusu jamaa kumwangalia mtoto kwa ziara fupi, mradi isiwe ajira. Hiyo Schengen sijui wanaichora wapi mstari.

Dada wa Antwerp
Kila askari na mstari wake.

Mzee wa Bandari
Mwandikieni karatasi basi. Enzi zetu baharia asiyejua lugha alishikishwa karatasi.

Kaunta Namba Saba
Mzee leo uko vizuri. Ukurasa mmoja kwa Kiingereza, herufi kubwa, juu kabisa ya bahasha: huyu ni mama yangu, anakaa kwangu kuanzia 3 Juni hadi 30 Julai, anwani hii, anazungumza Kiswahili na Kichaga, tafadhali nipigie namba hii. Nyuma yake dhamana yenyewe, tiketi ya kurudi, bima, vyeti. Ile dhamana abebe asili, kopi ikae kwenye begi kubwa, siyo kinyume chake.

Na akikataliwa kabisa, Mungu apishie mbali, wanatakiwa wampe fomu yenye sababu zilizoorodheshwa kwa herufi. E ni kukosa hati za kueleza lengo la safari, G ni kukosa pesa za kutosha. Aisome herufi, au akupigie picha, kwa sababu rufaa inajengwa juu ya herufi hiyo. Asiondoke bila fomu.

Mjanja Kariakoo
Mimi bado nasema hoteli ni rahisi zaidi 😁

Mzee wa Bandari
Wewe nyamaza.

Binti Kibosho
Wakuu narudi na mrejesho. Mama yuko hapa, amelala na mjukuu kifuani.

Dar kaunta walitazama pasipoti na tiketi ya kurudi, basi. Uhamiaji wakamuuliza anakwenda kwa nani, akajibu kwa Kiswahili, wakamtakia safari njema. Amsterdam ndiyo ilikuwa shughuli. Walimpiga picha, lakini vidole mashine ikagoma. Mikono ya jembe hiyo, alama zimelika. Askari akamfutia vidole kwa kitambaa, akajaribu tena na tena, mara ya nne ikakubali. Kwa kuwa alishasimama muda wote huo akamwomba na karatasi. Mama akavua bahasha shingoni, akampa yote kwa mikono miwili kama anatoa sadaka. Askari akasoma ukurasa wa juu, akafunua dhamana, akaangalia tarehe ya tiketi na idadi ya siku kwenye viza, akahesabu kwa kidole kwenye kalenda yake. Akanipigia! Nikapokea mlio wa kwanza, nilikuwa nimekesha. Aliniuliza kitu kimoja tu, mama anarudi lini. Nikasema 30 Julai. Akampitisha.

Begi ndilo lililopata msiba. Alibeba nyama ya kukausha na samli ya mjomba, forodha wakachukua vyote. Hilo hakuna aliyeniambia humu!

Dada wa Antwerp
Nyama na maziwa haviingii kabisa, pole. Tulisahau.

Mzee wa Bandari
Samli? Aisee.

Binti Kibosho
Swali la mwisho. Mwakani nataka aje tena. Dhamana inabaki hai miaka 5, je naweza kuitumia hiyohiyo kuombea viza mpya?

Dada wa Antwerp
Mwenzangu mmoja Cologne alitumia ya zamani wakapokea.

Kaunta Namba Saba
Ninavyojua mimi ile ya Ujerumani inatakiwa ipelekwe ubalozini ndani ya miezi 6 tangu itolewe. Miaka 5 ni ya deni lako wewe, siyo ya karatasi. Huyo wa Cologne aliomba baada ya muda gani?

Dada wa Antwerp
Ngoja nimuulize.